Vipande vinane vya saba: kisa cha samaki wa siki na mnyoo mmoja

Sahani iliyoletwa mezani ilikuwa na vipande vinane. Mdogo wangu alikula vinne, nami nikala vinne. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, Ijumaa ya mwezi wa kumi, kwenye mgahawa mdogo wa mtaani Tokyo, wa aina ile inayoitwa izakaya, ambako watu hupitia wakitoka kazini wanywe kidogo na wale vitu vidogo vidogo. Ilipofika saa tano na nusu usiku, yeye alikuwa amejikunja sakafuni chumbani kwake kama kamba aliyetiwa kwenye mafuta ya moto. Mimi nililala fofofo.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kazi yangu ni kukata samaki. Nilianza kwa kuosha vyombo katika jiko la mgahawa mwingine, nikapanda hadi kwenye kupara na kupasua, na sasa ni mwaka wa 6 nasimama mbele ya ubao wa kukatia. Nilijua kabisa swali la kumuuliza mpishi kabla ya kuagiza ile sahani. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa mgeni wa mdogo wangu, ndiye aliyekuwa analipa, na sikutaka kuonekana mjuaji.

Samaki mwenyewe anaitwa saba. Ndiyo, saba, kama namba. Nilipompigia mama mdogo Tanga kumweleza mwanawe yuko hospitali kwa ajili ya saba, aliuliza, "Amekula samaki saba?" Nikamwambia, "Hapana, mama mdogo, amekula samaki anayeitwa saba." Akauliza, "Sasa wangapi?" Saba ni ndugu wa kibua wetu wa pwani, wa ukoo mmoja na jodari na nguru, ila yeye ni wa maji ya baridi, mkubwa zaidi, na ikifika vuli hunona hadi mafuta yakabaki kwenye kisu. Wajapani wenyewe wana msemo kwamba saba huoza angali hai, kwa jinsi anavyoharibika upesi, na ndiyo maana tangu zamani wengi wao hawamli mbichi kabisa ila humtia chumvi na siki kwanza. Sahani hiyo ndiyo shime-saba.

Inatengenezwa hivi. Samaki hupasuliwa vipande vitatu, yaani mnofu wa kushoto, mnofu wa kulia, na mfupa katikati. Minofu hufunikwa kwa chumvi nyingi kama imeangukiwa na theluji, ikaachwa saa moja au mbili mpaka itoe maji. Kisha huoshwa, ikafutwa, na kulowekwa kwenye siki ya mchele kwa muda ambao kila mpishi ana wake: wengine dakika 20, wengine saa nzima. Ngozi ya juu, ile nyembamba kama karatasi, huvuliwa kwa vidole, na vijiba vya katikati hung'olewa kimoja kimoja kwa kibano. Ukikata mnofu uliotengenezwa vizuri, ukingo wake unakuwa mweupe kama samaki aliyechemshwa, na katikati unabaki wekundu wa mnofu mbichi. Huo wekundu ndio unaosifiwa. Ndio pia ulioleta kesi hii, ingawa hata ule ukingo mweupe, kama nitakavyoeleza, hauna usalama wowote zaidi.

Usiku wenyewe

Maumivu yalimwanzia chini kidogo ya kifua, pale kwenye chembe cha moyo. Yalikuja kwa mawimbi: yanabana hadi pumzi inakatika, yanaachia dakika chache, yanarudi. Alitapika mara mbili. Hakuharisha, hakuwa na homa, na ngozi yake haikubadilika. Akadhani ni vidonda vya tumbo, kwa kuwa baba yake anavyo, akanywa dawa ya kiungulia aliyokuwa nayo kabatini. Haikusaidia. Saa nane usiku akachukua teksi kwenda hospitali.

Pale ndipo kisa kilipopinda. Daktari wa zamu alimuuliza kama amekula samaki mbichi. Mdogo wangu akajibu hapana. Hakudanganya. Kwa akili yake samaki aliyekaa kwenye chumvi na siki ameshaiva, kama vile sisi tusivyomwita ng'onda samaki mbichi. Daktari akaandika tatizo la tumbo lisilojulikana, akampa dawa ya kutuliza maumivu, akamlaza kusubiri asubuhi.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri. Nikamuuliza daktari wamefikia wapi, naye akasema wanafikiria kidonda. Nikasema jana jioni tulikula shime-saba. Yule daktari aliweka kalamu chini. Akauliza saa ngapi tulikula na saa ngapi maumivu yalianza, akahesabu kwa vidole, saa nne, na akaenda kupiga simu kwa wenye kamera ya tumboni.

Muda huo ndio ushahidi wa kwanza. Mnyoo ukijichimbia kwenye ukuta wa tumbo, maumivu huanza baada ya saa chache, mara nyingi kati ya 2 na 8, na kwa kawaida ndani ya saa 12. Ukivuka tumbo na kwenda kujichimbia kwenye utumbo, dalili huchelewa, pengine siku moja au zaidi, na hapo hufanana na kidole tumbo hadi watu wakapasuliwa bure. Samaki aliyeharibika kwa kukaa kwenye joto, na saba na jodari ni mabingwa wa hilo, hutenda tofauti kabisa: sumu iitwayo histamini huwasha uso na shingo, huleta wekundu na kichwa kuuma ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Na wadudu wa kawaida wa uchafu huleta kuharisha. Maumivu makali ya juu ya tumbo, bila kuharisha, bila homa, saa nne baada ya kula saba wa siki, hayaachi nafasi kubwa ya kubahatisha.

Saa tatu asubuhi wakamwingiza kamera. Niliruhusiwa kuona picha kwenye kioo baadaye. Ukuta wa tumbo ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu sehemu moja, na katikati ya uvimbe kulikuwa na kitu kama kipande cha uzi mweupe wa kushonea, ncha moja imezama nyamani, nyingine inapepea. Daktari alipitisha kibano kidogo ndani ya mpira wa kamera, akakibana kile kiuzi karibu na kichwa, akakivuta taratibu kisikatike. Wakakiweka kwenye kisahani. Urefu wake kama sentimita 2 na nusu. Kilikuwa bado kinajikunja na kujikunjua, baada ya kupita kwenye chumvi, siki, meno na asidi ya tumbo la mtu.

Kufikia saa sita mchana mdogo wangu alikuwa anaulizia chakula.

Mgeni aliyepotea njia

Mnyoo ule unaitwa anisakisi. Makao yake halisi ni tumbo la nyangumi na pomboo, na ndugu zake wengine hukaa kwa sili. Humo hukomaa na kutaga, mayai hutoka na kinyesi, yakaanguliwa baharini, na viluwiluwi vyake huliwa na vijidudu vya jamii ya uduvi. Samaki au ngisi akila uduvi anapata mnyoo, samaki mkubwa akila mdogo anaurithi, na mwisho nyangumi akila samaki mnyoo unafika nyumbani. Binadamu hayumo katika mzunguko huo. Mnyoo ukijikuta tumboni mwa mtu hauwezi kukomaa wala kuzaa. Unajaribu kujishikiza, unashindwa, na ukiachwa hufa wenyewe baada ya siku kadhaa. Maumivu makali yanaelezwa zaidi kama ghadhabu ya mwili wenyewe dhidi ya mgeni kuliko kidonda alichochimba, ndiyo sababu watu wawili wakimeza minyoo inayofanana mmoja huviringika na mwingine halalamiki.

Sasa fikiria siki. Kiumbe kilichoumbwa kuishi ndani ya tumbo la nyangumi, kwenye asidi iliyo kali kuliko siki ya mezani, kitaogopa bakuli la siki ya mchele kwa dakika 40? Ndiyo maana nilisema ukingo mweupe wa shime-saba si salama kuliko katikati. Siki imebadilisha rangi na ugumu wa nyama, haikumgusa mnyoo. Chumvi nayo kwa saa moja au mbili inavuta maji tu. Ili chumvi iue lazima iwe nyingi sana na ikae wiki kadhaa, na hapo umepata ng'onda. Ndimu ni hadithi ileile ya siki. Wizara ya afya ya Japani imeandika wazi kwamba siki, chumvi, mchuzi wa soya na wasabi, ule mzizi mkali wa kijani, kwa viwango vinavyotumika mezani haviui anisakisi, na bado kila wiki nasikia mteja akimhakikishia mwenzake kwamba wasabi ndiyo dawa yenyewe.

Kilichonifanya nipone mimi si wasabi. Mnyoo ulikuwa mmoja, vipande vilikuwa vinane, na kipande kile kilikwenda upande wake wa sahani. Basi. Visa vingi vya anisakisi ni hivyo, mgonjwa mmoja kwa tukio moja, na ndiyo sababu watu huvidharau. Japani ilianza kuhesabu anisakisi kwa jina lake katika takwimu za sumu ya chakula mwaka 2013, na mwaka 2018 yaliripotiwa matukio 468, wagonjwa wakizidi matukio kwa watu wachache tu.

Walidhani upya wake unatosha

Daktari wa Japani akigundua sumu ya chakula anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 kwa ofisi ya afya ya eneo. Jumatatu yake mdogo wangu alipigiwa simu na mtu mpole sana aliyetaka kujua kila alichokula kwa siku kadhaa, hata mkate wa kiamsha kinywa. Tulikuwa tumekula samaki mbichi mahali pamoja tu. Maofisa wakaenda kule mgahawani.

Alichowaambia mwenye mgahawa, kwa jinsi mdogo wangu alivyoelezwa baadaye, kilikuwa cha kweli tupu na kwa mawazo yake kilikuwa utetezi: samaki alinunuliwa sokoni alfajiri ileile, akapasuliwa asubuhi, akatiwa chumvi mchana, akaliwa jioni. Upya usio na shaka. Akafungiwa jiko siku moja.

Namwelewa yule mzee, kwa sababu upya una maana yake, ila una maana hiyo mahali padogo. Minyoo mingi hukaa kwenye matumbo ya samaki, imejikunja bapa kama springi ya saa ya mkononi, upana wa nusu sentimita hivi. Samaki akikaa bila kutolewa matumbo, baadhi huhama na kuingia kwenye mnofu, hasa ule wa tumboni. Kwa hiyo kutoa matumbo mapema kunapunguza. Lakini ipo iliyokwisha ingia kwenye mnofu samaki akiwa anaogelea, na hiyo haijali kama umenunua alfajiri au jana.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo wapishi walilijua kwa midomo kabla watafiti hawajalieleza. Watu wa Fukuoka, upande wa kusini magharibi, hula saba mbichi kabisa na ufuta, na wanajivunia. Mtu wa Tokyo akiiga, anaumia. Anisakisi ni aina zaidi ya moja. Ile iliyo nyingi kwenye saba wa Bahari ya Japani na upande wa Fukuoka hupendelea kubaki matumboni, haihami sana kwenda mnofuni. Ile ya saba wa Pasifiki, ambao ndio wanaofika masoko ya Tokyo, huingia mnofuni mara nyingi zaidi. Mila iliyo salama kiasi kwenye bandari moja ikipanda gari moshi kwenda bandari nyingine inageuka bahati nasibu. Na nasema salama kiasi tu, maana hata Fukuoka wagonjwa wapo, na samaki nao siku hizi husafirishwa huku na huko.

Kwa macho je? Nakagua kila mnofu ninaoukata, chini ya taa kali, na mara nyingi naupata mnyoo mmoja au miwili kwenye saba mmoja. Kwenye samaki mweupe kama chewa wa baridi, ukiuweka mnofu juu ya kioo chenye taa kwa chini, mnyoo unaonekana kama kivuli. Kwenye saba nyama ni nyeusi, ina mafuta, na mnyoo mweupe unaofanana na uzi wa msuli unajificha mchana kweupe. Nimewahi kukagua mnofu mara mbili, nikaridhika, nikaukata, na mnyoo ukajitokeza kwenye mkato. Macho yanapunguza hesabu, hayafuti.

Baridi, na hesabu yake

Kinachofuta ni moto au barafu. Moto ni rahisi: nyuzi 60 katikati ya nyama kwa dakika moja zinaua, na nyuzi 70 hazihitaji kusubiri. Kibua wa kukaanga wa Tanga hana kesi ya kujibu. Barafu ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu wanasikia namba tofauti na kudhani wataalamu wanabishana.

Ulaya inadai samaki wa kuliwa mbichi au karibu mbichi agandishwe hadi nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Wizara ya Japani nayo inashauri nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Marekani wanasema siku 7 kwa nyuzi hizohizo 20. Siku 1 na siku 7 kwa baridi ileile? Tofauti iko mahali saa inapoanza kuhesabiwa. Kanuni ya Ulaya inataka nyuzi 20 zifike kila sehemu ya samaki, hata katikati ya mnofu, na saa 24 zihesabiwe hapo. Siku 7 za Marekani ni muda wote kwa jumla, pamoja na muda wa kugandisha, kwa hiyo zimebeba ndani yake ule ucheleweshaji wa baridi kupenya. Ukilielewa hilo, hutadanganywa na mtu anayesema samaki wake "amelala kwenye friza usiku mmoja". Amelala, sawa. Katikati yake ilifika nyuzi ngapi, na saa ngapi?

Mdogo wangu alipopona alitaka kujitengenezea shime-saba mwenyewe, kwa ukaidi tu. Friza yake ni ile ya juu ya jokofu dogo la mwanafunzi. Nikamwambia nunua kipimajoto cha friza, kiache ndani usiku kucha. Asubuhi kilisoma nyuzi 16 chini ya sifuri, na kila alipofungua mlango kuchukua barafu kilipanda. Friza nyingi za nyumbani zimekusudiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na hizo hazipatikani ukiijaza ukaminya vitu kama gunia la mkaa. Mnofu uliowekwa humo hugandishwa polepole, na mnyoo unaweza kuvumilia baridi isiyotosha. Tukapunguza mzigo, tukasogeza kidhibiti hadi mwisho, ikashuka hadi 19. Nikamwambia atandaze minofu bapa, mmoja mmoja, isilaliane, aiache wiki nzima. Hispania, ambako watu wanapenda dagaa wa siki na ambako mikahawa imelazimishwa kugandisha tangu amri ya mwaka 2006, wenye nyumba wanashauriwa siku 5 katika friza inayofika nyuzi 20. Mimi kwa friza ya 19 siku 7 ndizo zangu. Na umeme ukikatika katikati, anza upya. Ndugu zangu wa nyumbani mnanielewa.

Hofu ya wapenda ladha ni kwamba barafu inaua utamu. Kwa samaki mweupe mwenye maji mengi, kiasi fulani ni kweli, nyama inalegea. Kwa saba mwenye mafuta, aliyekwisha kazwa na chumvi na siki, mimi ninayemla kila wiki sipambanui. Waholanzi ndio walioonja mwanzo wa habari hii yote. Ni kwao ugonjwa huu ulielezwa kwa binadamu mwaka 1960, kwa watu waliokula heringi wa chumvi kidogo, na mwaka 1968 sheria ikataka kila heringi wa namna hiyo agandishwe kwanza. Ugonjwa ukakaribia kutoweka. Heringi hajatoweka, wanamshika mkia na kumshusha kooni mpaka leo.

Barafu ina mipaka miwili ambayo daktari alimweleza mdogo wangu na inafaa ijulikane. Haiondoi histamini wala haifufui samaki aliyeharibika, kwa hiyo mpishi anayegandisha samaki wa juzi hajakusaidia. Na mtu ambaye mwili wake umeshajenga mzio dhidi ya anisakisi anaweza kuwashwa na kuvimba hata kwa mnyoo uliokufa, kwa sababu baadhi ya protini zake hustahimili barafu na moto pia. Mtu akitoka vipele mwili mzima au akabanwa pumzi baada ya kula samaki, awe mbichi au wa kupikwa, hiyo ni habari ya hospitali mara moja, na baadaye kipimo cha damu.

Ninavyochagua mgahawa sasa

Siangalii wembamba wa vipande, wala sifa za mtandaoni, wala picha ya boti ukutani. Nauliza kuhusu samaki mmoja mmoja, kwa sababu hatari haziko sawa. Samoni wa kufugwa aliyelishwa vidonge tangu udogo hajala uduvi wa bahari, kwa hiyo simwulizii sana. Samoni wa porini namkwepa asipokuwa amegandishwa. Jodari wakubwa wana sifa nzuri, na wengi hufika wakiwa wamegandishwa melini kwa baridi kali ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Hata kanuni za Marekani zimewaondoa jodari kwenye sharti la kugandisha. Huko Tottori wapo saba wanaofugwa nchi kavu kwa maji ya bahari yaliyochujwa na mchanga ardhini, nao huliwa mbichi bila wasiwasi mkubwa. Saba wa porini, ngisi na heringi ndio ninaowahoji.

Ngisi nitamkubali pia akiwa amechanjwa chanje nyembamba sana kila upande, kwa kuwa kisu kikimkata mnyoo, umekufa. Samaki wa maziwa na mito siwali wabichi popote. Wao wana minyoo ya aina nyingine, ile ya ini na ya utepe, na hiyo inakuja kukaa.

Swali lenyewe ni fupi: "Saba huyu amegandishwa?" Sisikilizi jibu peke yake, natazama linavyokuja. Mpishi anayejua kazi yake hujibu kabla hujamaliza, kwa namba: siku mbili, nyuzi fulani, friza ile pale. Anayejibu "wetu ni wa leo, hana haja" amenipa jibu pia. Nashukuru, naagiza wa kuchoma. Sio kwamba ni mtu mbaya. Japani sheria haimlazimishi kugandisha, ni ushauri, na wapo wateja wanaonuna wakisikia neno friza.

Unguja na Dar es Salaam mahoteli mengi yanauza jodari mbichi na samaki wa ndimu siku hizi. Swali ni lilelile, nami ningeongeza moja: friza yenu ina kipimajoto, na umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani? Mhudumu akienda kumuuliza mpishi na kurudi na jibu, mahali hapo pana jiko linalozungumza. Na neno "daraja la sushi" kwenye menyu lisikutishe. Kwenye sheria za Marekani, ambako linapigiwa debe sana, halina tafsiri yoyote.

Mwezi uliopita tulikwenda izakaya nyingine, karibu na stesheni, watu wanane tu kwenye kaunta. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, kwa Kijapani chake cha darasani. Mpishi, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, hakusema kitu. Alifuta mikono, akavuta droo ya friza, akatuonyesha minofu imefungwa mmoja mmoja kwa nailoni, kila mmoja na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akachagua wa siku tano nyuma.

Niliagiza shime-saba. Mdogo wangu akamshukuru kwa kuinama sana, kisha akaagiza saba wa kuchoma kwa chumvi, akamla hadi kichwa.